"Mwisho leo", "zimebaki 4", "ilikuwa 100" au "rudisha ndani ya siku 14": tangazo lako limalizie na mstari gani?

Nimewaandikia wauzaji wadogo matangazo kwa miaka kadhaa sasa na kila mara tunakwama palepale, kwenye mstari wa mwisho. Picha zishapigwa, maelezo yapo, bei ipo, alafu mtu ananiuliza "sasa hapa chini tuweke nini ili anayesoma asiseme nitarudi baadaye?" Maana hiyo nitarudi baadaye tunaijua wote, harudi mtu.

Mapendekezo yanayokuja mezani huwa ni yaleyale manne. Kuna wanaotaka tarehe ya mwisho, kuna wanaotaka kuandika idadi iliyobaki, kuna wanaotaka bei ya zamani ikatwe mstari na mpya iwekwe pembeni, na wachache wanataka ahadi ya kurudisha hela. Mitatu ya kwanza inamkimbiza mteja, wa nne unamwambia atulie. Na yote minne inaweza kuandikwa kwa haki au ikawa uongo mtupu, kwa hiyo sitakuambia upi ni wa malaika na upi ni wa shetani. Nitakachofanya ni kuipima yote kwa maswali yaleyale alafu wewe uangalie biashara yako inakaa wapi.

Maswali yenyewe ni haya. La kwanza ni sababu: je, kuna kitu halisi kinachofanya huo mstari uwe kweli hata kama tangazo lisingekuwepo? La pili ni ushahidi, yani mteja akikuuliza au mkaguzi akija, una kitu cha kumwonyesha au utaanza kujiumauma? La tatu ni nafasi, mteja anabaki na muda wa kusoma, kulinganisha na kumuuliza mtu wake, au umembana kwenye kona? La nne ni gharama ikiharibika, nani analipia.

Kabla hatujaanza, kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakijui. Wanaosimamia matangazo hawaangalii tu kama maneno yako ni kweli neno kwa neno, wanaangalia msomaji wa kawaida ameondoka na picha gani kichwani. Mwaka 2007 kule Uingereza chombo cha kusimamia matangazo, ASA, kiliikataza Kolgeti kurudia tangazo lililosema zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza. Namba haikutungwa, ilitoka kwenye utafiti kweli. Ishu ni kwamba madaktari waliruhusiwa kutaja dawa ya meno zaidi ya moja, wakati msomaji wa tangazo alielewa kwamba asilimia 80 walichagua hiyo wakaziacha nyingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "lakini sijadanganya, kila neno ni kweli", jua bado hajajibu swali.

Tarehe ya mwisho: "Ofa inaisha Ijumaa saa sita usiku"

Huu ndio mstari unaoombwa kuliko yote, na ndio unaoharibiwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unafanya kazi kwa sababu mteja anayekaribia kununua hana tatizo na bidhaa, ana tatizo na leo. Hakuna kinachomlazimisha aamue leo badala ya wiki ijayo. Tarehe inampa sababu, na ikiwa ya kweli unamsaidia kabisa, maana asipojua ofa inaisha lini atakuja Jumamosi akute bei imepanda akukasirikie.

Swali la sababu ndilo linalochuja hapa. Chukua mwalimu anayeuza kozi onlaini. Kama kozi ni ya laivu, darasa linaanza Jumatatu na anahitaji majina mapema ili apange makundi, basi tarehe ya mwisho ipo hata asipoitangaza. Lakini kama ni video zilizorekodiwa zimekaa kwenye seva, mtu anaweza kununua saa tisa usiku ya siku yoyote ya mwaka na hakuna kitakachoharibika. Hapo tarehe imetoka kichwani mwake. Bado anaweza kuitumia kwa haki, kwa sharti moja: Ijumaa ikipita bei ipande kweli, na ikae juu. Sio ipande Jumamosi asubuhi alafu Jumapili ije posti ya "kwa maombi ya wengi tumeongeza siku tatu". Nikiona hiyo posti namfikiria yule aliyelipa Ijumaa usiku bila kusoma vizuri kwa sababu aliambiwa mlango unafungwa.

Kwenye tovuti uongo huu una sura yake na unaonekana kwenye msimbo wa ukurasa. Mteja wangu mmoja anayeuza taa alinunua templeti ya ukurasa wa mauzo ikiwa na taima tayari ndani, dakika zinahesabu kurudi nyuma kwa rangi nyekundu. Mimi nikafungua ukurasa kwenye simu, ikaniambia dakika 15. Nikafungua kwenye kompyuta, dakika 15. Nikafungua dirisha la siri, 15 tena. Kuangalia ndani kulikuwa na mstari kama huu:

```
mwisho = Date.now() + 15 * 60 * 1000
```

Maana yake ni "chukua saa ya sasa hivi, ongeza dakika 15". Kila anayefungua anapewa mwisho wake, na akirudi kesho anapewa mwingine. Hakuna ofa inayoisha, kuna saa inayoigiza. Taima ya kweli inataja siku moja kwa watu wote:

```
mwisho = new Date("2026-03-27T23:59:00Z")
```

Na hata hiyo haitoshi peke yake, lazima ikifika sifuri bei ibadilike. Nilivyomwonyesha yule mteja alishangaa kweli, alidhani templeti inajua ofa yake inaisha lini. Ndio maana nasema kabla hujamwita mtu tapeli angalia kama anajua alichoweka, ila kutojua hakukukingi, jina lililo kwenye tangazo ni lako.

Hayuko peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na mwenzao wa Chicago walituma programu ipitie tovuti za kuuza vitu kama 11,000 hivi, wakakusanya mifano 1,818 ya mbinu za kumsukuma au kumghilibu mnunuzi, na mojawapo ilikuwa hizihizi taima zinazofika sifuri na ofa inabaki vilevile.

Upande wa sheria, nchi za Umoja wa Ulaya zina orodha nyeusi kwenye maelekezo yao ya mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki. Ni mambo yanayokatazwa moja kwa moja bila kubishana kama kuna mteja aliyeumia. Kusema kwa uongo kwamba bidhaa au bei ipo kwa muda mfupi sana ili mtu aamue papo hapo na akose nafasi ya kufikiri kumo humo. Angalia walichounganisha: uongo, na kumnyima muda. Tarehe ya kweli iliyotangazwa siku saba kabla haina shida hiyo. Tarehe ya kweli ya "saa moja kuanzia sasa" kwa kitu cha gharama kubwa, hata kama sio uongo, mimi binafsi siiandiki, maana hapo swali langu la tatu limeshafeli.

Inamfaa nani: mwenye darasa laivu, tukio, oda za pamoja zinazofungwa siku fulani, au msimu. Haimfai mwenye kitu kisichoisha na bei asiyokusudia kuipandisha. Ushahidi wake ni rahisi, screenshoti ya bei siku moja kabla na siku moja baada.

Idadi iliyobaki: "Zimebaki 4 tu"

Huu una nguvu ya ajabu. Kuna jaribio la mwaka 1975 la Worchel na wenzake ambalo watu wa masoko hawachoki kulitaja, watu waliwekewa mtungi wa biskuti, wengine mtungi una biskuti 10 na wengine una 2. Biskuti ni zilezile. Waliopewa kutoka kwenye mtungi wa 2 walizitamani zaidi. Kwa hiyo ukiandika zimebaki 4 hujatoa taarifa tu, umepandisha thamani ya kitu machoni pa mtu bila kukigusa, na ndio maana namba hiyo lazima iwe ya kweli.

Sababu na ushahidi hapa vinakaa sehemu moja, stoo. Unazo 4 au huna. Shida inaanza pale neno "zimebaki" linapoachwa bila mipaka. Tuseme unauza taa za mezani, una 60 kwenye boksi nyuma na 4 umezipanga kwenye rafu ya kupigia picha. Ukiandika zimebaki 4 umedanganya. Ukiwa na 60 lakini za kijani ni 4, andika "za kijani zimebaki 4" na uko salama kabisa, na kusema ukweli tangazo limekuwa zuri zaidi kwa sababu anayetaka kijani sasa anajua na anayetaka nyeusi hana haja ya kukimbia.

Hili la mipaka liliwakuta wakubwa pia. Desemba 2019 Tume ya Ulaya na mamlaka za ulinzi wa mlaji walikubaliana na Booking.com, tovuti ya kuhifadhi vyumba vya hoteli, kwamba ikiandika chumba ni cha mwisho ieleweke wazi kuwa ni cha mwisho kwenye jukwaa hilo, maana msomaji alikuwa anaelewa hoteli nzima imejaa wakati hoteli inaweza kuwa inauza vyumba vingine kwa njia zake. Walipewa hadi katikati ya Juni 2020 kurekebisha. Makubaliano hayo yaligusa na mistari mingine niliyoitaja: kutoonyesha ofa kuwa ni ya muda mfupi kama bei hiyohiyo itaendelea kuwepo baadaye, na kutoita punguzo tofauti inayotokana na kulinganisha na bei ya tarehe nyingine tu.

Uongo wa kwenye tovuti huku nao una alama yake. Programu nyingi za "kuongeza mauzo" zina sehemu ya kuweka namba ya stoki ya kubuni, ndani kuna kitu kama hiki:

```
zimebaki = Math.floor(Math.random() * 5) + 2
```

Hiyo inachagua namba yoyote kuanzia 2 hadi 6, stoo haijaulizwa. Ukitaka kuijua kama mnunuzi, fungua upya ukurasa mara tano. Namba ikipanda na kushuka kama homa, jibu unalo. Kuna nyingine za ujanja zaidi, zinashusha namba moja kila siku alafu zikifika 1 zinarudi 6, hizo unazigundua ukirudi baada ya wiki.

Kuhusu nafasi ya mteja kufikiri, idadi ni mbaya kuliko tarehe. Tarehe inamwambia ana siku ngapi. Idadi haimwambii, zinaweza kuisha baada ya dakika mbili au mwezi, kwa hiyo presha ni kubwa hata ukiwa mkweli. Mimi huwa napunguza makali kwa kuweka lini stoki nyingine inakuja kama ipo, "zimebaki 4, mzigo mwingine wiki ya kwanza ya mwezi ujao". Muuzaji mmoja aliniambia hiyo inaua mauzo. Labda inaua mawili matatu, lakini anayeweza kusubiri atasubiri na bado atanunua kwako, na asiyeweza anapata sababu halisi ya kuwahi.

Inamfaa nani: mwenye vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, vya mtumba, viti vya ukumbi, nafasi za mwalimu anayefundisha mwenyewe, na yeyote ambaye hesabu ya stoo imeunganishwa na tangazo au anaihesabu mwenyewe kila asubuhi. Haifai kabisa kwa faili, kitabu cha kupakua au video. "Zimebaki kopi 7" za pidiefu, jamani, zimebaki wapi?

Bei iliyokatwa: "Ilikuwa 100, sasa 65"

Hapa ndipo ninapopata ubishi mwingi na wateja wangu, kwa sababu kila mtu anafanya na kila mtu anajua wengine wanafanya.

Mstari huu unafanya kazi kwa kumpa mteja kipimo. Wengi wetu hatujui kitu kinapaswa kuuzwa ngapi, kwa hiyo namba ya kwanza tunayoiona ndiyo inakuwa rula, na ya pili inapimwa kwa hiyo. 65 peke yake ni bei tu. 65 pembeni ya 100 ni ushindi. Kwa hiyo swali la sababu ni moja, je, kuna mtu aliyelipa hiyo 100, au angalau aliulizwa 100 kwa muda wa maana?

Nikupe kesi. Taa ileile ya mezani imeuzwa 70 kwa miezi. Muuzaji anapanga ofa mwisho wa mwezi, siku nne kabla anapandisha hadi 100, hauzi hata moja, siku ya ofa anaandika "ilikuwa 100 sasa 65, punguzo la asilimia 35". Ukimbana atakuambia ilikuwa 100 kweli, na ana risiti ya mfumo kuonyesha. Kila neno ni kweli, unaona sasa kwa nini nilianza na ile kesi ya dawa ya meno.

Ulaya waliziba tobo hili kwa kanuni iliyoanza kutumika Mei 28, 2022: ukitangaza punguzo lazima uonyeshe bei ya awali, na bei ya awali ni ile ya chini kabisa uliyouza ndani ya angalau siku 30 kabla ya kupunguza. Iweke kwenye kesi yetu. Siku 30 zilizopita, siku 26 ilikuwa 70 na siku 4 ilikuwa 100. Ya chini ni 70. Punguzo halisi ni 5 kati ya 70, yani asilimia 7 hivi, sio 35. Kuna waliojaribu kupita kwa pembeni, wakaandika ile bei ya siku 30 kwa maandishi madogo huku asilimia kubwa ikihesabiwa kwa bei ya juu, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwenye kesi iliyoihusu kampuni ya maduka Aldi ya Ujerumani kwamba asilimia yenyewe ihesabiwe kutoka kwenye bei ya chini ya siku 30. Hata kama unauzia nchi isiyo na kanuni hiyo, mimi naitumia kama rula ya kazini maana ni rahisi kuhesabu na haina mjadala.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu ukiwa mkweli kwenye bei unaweza kuumia. Mwaka 2012 kampuni ya maduka ya Marekani JCPenney chini ya bosi wake Ron Johnson iliamua kuachana na kuponi na seli za kila wiki ikaweka bei moja ya chini ya kila siku. Mauzo ya mwaka yalianguka kwa karibu robo, na Aprili 2013 Johnson akaondoka. Wateja walikuwa wamezoea kupima kwa bei iliyokatwa, ukiwanyang'anya rula hawajui kama wamepata nafuu. Kulikuwa na makosa mengine pale, sitaki kurahisisha, lakini mtu akiniambia "nikiacha punguzo la uongo mauzo yatashuka" simbishii. Namwambia kuna punguzo la kweli, na lenyewe linauza, ila linakugharimu faida ndio maana hulipendi.

Kuhusu nafasi ya mteja, mstari huu peke yake haumkimbizi sana. Anaweza kwenda kulinganisha kwa wengine. Unamdhuru kwa njia nyingine, anaacha kulinganisha kwa sababu anadhani kulinganisha kumeshafanywa na zile namba mbili. Na ikigundulika gharama inakurudia wewe kwa mtindo mbaya: wateja wanajifunza kwamba bei yako ya kawaida haina maana, hawanunui tena mpaka wakuone umekata.

Inamfaa nani: mwenye rekodi ya bei, anayeondoa mzigo wa msimu uliopita, toleo la zamani, boksi lililobonyea. Sababu ya punguzo iandike palepale, "toleo la zamani, linatolewa". Haimfai anayeanza leo na hajawahi kuuza kwa bei ya juu. Wewe hauna "ilikuwa". Andika "bei ya kuanzia 65, kuanzia tarehe fulani itakuwa 80", na hiyo tarehe ikifika pandisha.

Ahadi ya kurudisha: "Usiporidhika rudisha ndani ya siku 14"

Wengi wanaudharau huu kwa sababu haukimbizi mtu. Lakini fikiria kwa nini mtu anasema nitarudi baadaye, mara nyingi anaogopa kukosea. Mistari mitatu ya juu inaweka hofu mpya juu ya hiyo, hofu ya kukosa. Huu unaiondoa ile ya kwanza. Kwenye swali la nafasi hauna mpinzani, unampa muda wa kufikiri baada ya kulipa.

Mpaka wake uko kwingine, kwenye utekelezaji. Ahadi kwenye tangazo ni ahadi. Hili limeamuliwa zamani sana, mwaka 1891 kampuni moja ya London ilitangaza kifaa chake cha kuvuta moshi wa dawa, Kaboliki Smoki Bol, ikasema atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili akapata influenza atalipwa pauni 100, na kwamba pauni 1,000 zimeshawekwa benki kuonyesha hawatanii. Bibi Carlill akatumia kama walivyosema, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa majigambo ya tangazo. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, mtu aliyetaja kiasi, masharti na hela iliyoko benki hajigambi, anaahidi, lipa. Mpaka leo tofauti hiyo ipo: "taa nzuri kuliko zote" ni majigambo na hakuna anayekushtaki, "usiporidhika tunarudisha hela yote" ni mkataba.

Uongo wa huku unafichwa kwenye masharti. Hela inarudi ila kama kuponi. Boksi lisiwe limefunguliwa, sasa atajuaje kama anairidhia? Nauli juu yako, na nauli ni nusu ya bei. Njia yangu ya kupima ni kuhesabu hatua. Kwa muuzaji mmoja nilihesabu, kununua kulikuwa kugusa mara mbili, kurudisha kulikuwa fomu, picha tatu, kusubiri namba, kupiga simu saa za kazi tu, alafu kusubiri tena, jumla hatua saba. Nikamwambia ahadi yako ni ya kweli kwenye karatasi tu. Akapunguza zikawa tatu. Aliogopa mafuriko ya marejesho, na marejesho yaliongezeka kweli, sitakudanganya, ila karibu yote yalikuwa rangi moja ambayo picha yake ilikuwa na mwanga mwingi na kitu kikifika kinaonekana kingine. Akabadilisha picha.

Kuna mtego mmoja watu hawauoni. Ulaya anayenunua kwa mtandao vitu vingi ana siku 14 za kughairi kwa mujibu wa sheria, bila kutoa sababu. Ile orodha nyeusi niliyoitaja inakataza pia kuitangaza haki ambayo mteja anayo tayari kisheria kana kwamba ni zawadi yako maalumu. Kwa hiyo angalia kwanza sheria ya unakouzia inasemaje. Kama inakulazimisha siku 14, andika kawaida tu bila mbwembwe, au toa 30 ndipo ujisifu.

Inamfaa nani: anayeuza kwa watu wasiomjua, kitu cha kupimwa kwa kutumia, na mwenye mtaji wa kuvumilia marejesho. Haimfai mwenye faida nyembamba sana kiasi kwamba marejesho matano yanamfunga, wala vitu vya kuharibika haraka au vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mtu mmoja.

Kwa hiyo wewe uweke upi

Kama unaanza na hakuna anayekujua, huna historia ya bei na stoki yako haiishi kesho, mistari mitatu ya juu huna kitu cha kuisimamisha. Anza na ahadi ya kurudisha, hata kama ni siku 7 tu, alafu masharti yake yaandike kwenye tangazo lenyewe sio kwenye ukurasa wa pembeni.

Kama una kitu kinachofungwa kwa siku fulani, tumia tarehe, na iseme sababu: "majina yanafungwa Ijumaa kwa sababu makundi yanapangwa Jumamosi". Sababu ikiandikwa mteja haoni presha, anaona ratiba.

Kama stoki ni ndogo kweli, tumia idadi yenye mipaka, rangi ipi, saizi ipi, kwenye duka lipi. Kama huwezi kuibadilisha namba kila siku, usiweke namba, andika "ni chache" na uwe na uchache.

Kama unasafisha stoo, kata bei, hesabu kwa siku 30, weka na sababu.

Kuchanganya mistari miwili inawezekana ila angalia inavyogongana. Tarehe pamoja na ahadi ya kurudisha vinakaa vizuri, anayekimbia ana njia ya kurudi. Tarehe pamoja na idadi pamoja na bei iliyokatwa, hata vyote vikiwa kweli, vinamziba mtu kila upande, na kama unamuuzia mtu mwenye shida, mgonjwa, anayedaiwa, aliyefiwa, hapo mimi naondoa mistari yote ya haraka hata kama ni ya kweli. Sheria nyingi nazo zinampima msomaji aliye kwenye hali hiyo tofauti na msomaji wa kawaida.

Na kama tayari una taima ya uongo inazunguka kwenye ukurasa wako hivi sasa unaposoma, usiibadilishe leo kuwa ya kweli kimyakimya. Itoe. Bei iache palepale ilipo. Alafu angalia orodha ya walionunua ndani ya siku 14 zilizopita, watumie ujumbe mmoja kwamba anayetaka kurudisha arudishe. Nilimfanyia hivyo yule wa templeti. Waliokuwepo kwenye orodha ni 31, waliorudisha ni wawili, na mmoja akauliza kama taa ya kijani bado ipo.